Kimya cha Mtandao Si Jibu la Hapana

Jioni moja ya Oktoba 2023, majuma machache kabla ya watahiniwa kuanza karatasi za KCSE, nilipigiwa simu na mama mmoja auzaye mboga katika mtaa wa Rhonda, hapa Nakuru. Bintiye alikuwa katika Kidato cha Nne. "Kijana wangu," akaniambia kwa upole ulionichoma kuliko matusi, "nilitoa shilingi mia moja ya mboga ili mtoto asome kwa hiyo programu yako. Jana usiku stima ipo, simu ina chaji, lakini masomo yamefungwa. Inamwambia alipe. Alipe mara ngapi?"

Nilipekua kumbukumbu zangu. Mama huyo alikuwa amelipa Oktoba 6, na malipo yake yalikuwa ya siku 30. Hakudaiwa hata senti. Kilichokwisha ni bando la data katika simu ya mtoto, na programu yangu ilikuwa imeandikwa kijinga: kila ilipofunguliwa iliuliza seva, yaani tarakilishi yangu iliyoko mbali, iwapo mwenye simu amelipa, ikangoja sekunde kumi, isipopata jibu, ikafunga maswali ya marudio na majibu yake. Masomo yenyewe yalikuwa yamekwisha kupakuliwa na yamo simuni. Mtoto alikuwa ameshika chakula chake mkononi, nami nimemziba mdomo.

Ndugu msomaji, nimeshinda miaka kadhaa nikiandika programu za aina hii kwa ajili ya wanafunzi, na ninayo hoja moja ya kuwaeleza walimu wanaozinunua na vijana wanaotamani kuziandika. Mtandao unaponyamaza, programu haijaambiwa lolote. "Hapana" ni jibu. Kimya si jibu. Waandishi wengi wa programu huyachanganya haya mawili, na anayeumia ni mteja aliyelipa.

Wapo wenzangu wasemao kwamba ni heri kuuliza kila mara kuliko kuibiwa. Hofu yao ninaielewa, kwani nami nimeibiwa. Baada ya simu ya yule mama, nilikimbilia suluhisho la haraka: programu ikithibitisha malipo mara moja, iandike katika faili ndogo simuni kwamba mwenye simu amelipa, kisha isiulize tena. Haikupita miezi miwili kabla ya vijana wa shule moja kugundua faili hiyo. Walikuwa wakipeana kama wanavyopeana nyimbo. Mmoja alilipa, darasa zima likasoma. Tena likasoma hata baada ya siku 30, kwa sababu faili yangu haikuwa na tarehe. Niliwakasirikia kidogo, kisha nikawastahi. Walikuwa wameona kosa ambalo mimi mwandishi sikuliona.

Njia ya kutoka niliipata ukutani mwa nyumba niliyopanga. Wakazi wengi wa Rhonda, kama Wakenya wengi wanaotumia mita za kulipia kabla, hununua umeme kwa M-Pesa, kisha hupokea ujumbe wenye tarakimu 20. Huzibonyeza tarakimu hizo katika mita, na vipimo vikaongezeka. Mita haipigi simu Nairobi kuuliza kama umelipa. Haina mtandao wala haiuhitaji. Ndani ya tarakimu hizo mmefichwa kiasi cha umeme ulionunuliwa na dakika ambayo tokeni ilitolewa, na vyote vimefumbwa kwa ufunguo wa siri unaojulikana na mtoaji na mita hiyo peke yake. Tokeni ya jirani haitafunguka katika mita yako, na tokeni yako haitafunguka mara ya pili, kwa maana mita hukumbuka dakika za tokeni ilizokwisha kupokea. Uthibitisho wote umo katika hati unayokabidhiwa. Basi nami nikaamua kwamba programu yangu itakabidhiwa hati.

Hati hiyo ni maandishi mafupi yanayotolewa na seva pindi malipo yanapothibitishwa, nayo hukaa simuni. Inataja akaunti ya mwanafunzi, kitambulisho cha simu yenyewe, masomo aliyoyalipia, siku ya kuanza na siku ya kumalizika. Chini yake pana saini ya kidijitali, ambayo hutengenezwa kwa ufunguo wa siri usiotoka katika seva. Programu inabeba ufunguo mwenzake, ule wa hadharani, ambao unaweza kuikagua saini lakini hauwezi kuitengeneza. Mwanafunzi akibadili tarehe moja ndani ya hati, saini inakataa. Akimpa rafiki yake, kitambulisho cha simu hakilingani. Kazi hiyo yote hufanyika ndani ya simu, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, bando liwepo au lisiwepo. Maduka makubwa ya programu, la Apple na la Google, nayo huhifadhi simuni nakala ya manunuzi kwa ajili ya hali kama hii. Lakini sisi tunaopokea malipo moja kwa moja kwa M-Pesa hatuna budi kujijengea.

Sasa linakuja swali ambalo ndilo kiini cha ufundi huu: hati ikiwa simuni, iulizwe upya lini?

Wengi hulijibu kwa kutaja nambari iliyowajia kichwani, mathalani kila saa 24. Mimi nashauri tujiulize kwanza ni kitu gani kinachoweza kubadilika. Yule mama alilipa siku 30 mbele. Hakuna kitakachobadilisha ukweli huo kabla ya siku 30, isipokuwa mambo machache: malipo ya M-Pesa yarejeshwe kwa mlipaji, mtoto ahamie simu nyingine, au mzazi aongeze malipo mapya. La kwanza, likitokea, aghalabu hutokea mapema. Hayo mengine mawili yanaanzishwa na familia yenyewe. Kumuuliza mtu kila siku jambo lisilobadilika kila siku ni kumchosha bure na kumlia data yake.

Kwa hiyo hati yangu ina tarehe mbili tofauti, na wala hazipaswi kuchanganywa. Ya kwanza ni tarehe ya kuuliza. Ikipita, programu huanza kutafuta mtandao kimyakimya, na ikiupata huleta hati mpya. Isipoupata, mwanafunzi haoni lolote, anaendelea kusoma. Ya pili ni tarehe ya kufunga, na hiyo tu ndiyo yenye haki ya kumzuia mtu. Kwa malipo ya siku 30, programu huuliza mara moja baada ya siku ya 3, kwa ajili ya malipo yaliyorejeshwa, hunyamaza, kisha kuanzia siku ya 25 huuliza kila mtandao unapopatikana. Tarehe ya kufunga ni siku ya 37.

Siku hizo saba za nyongeza zilinigombanisha na mwenzangu mmoja. Akasema nagawa mali. Nikamwomba tupige hesabu. Shilingi 100 kwa siku 30 ni kama shilingi 3 na senti 33 kwa siku. Mlaghai anayezima mtandao makusudi anapata siku saba, sawa na shilingi 23 hivi. Na hazipati tena na tena, kwa kuwa zinahesabiwa kutoka mwisho wa kipindi kilicholipiwa wala si kutoka mara ya mwisho programu ilipozungumza na seva. Hapo ndipo wengi hukosea: wakihesabu kutoka mara ya mwisho ya kuzungumza, mwaminifu aliyelipa mwezi mzima akakaa siku nane kijijini bila mtandao hufungiwa, ilhali siku zake 22 zingalipo.

Mwenzangu hakukubali upesi. "Je, akilipa siku ya 37 kila mara?" akauliza. Alikuwa na haki: mtu kama huyo angenunua siku 37 kwa bei ya 30 mwaka mzima. Basi seva hupunguza siku za nyongeza ambazo mwanafunzi alizitumia kweli. Akisoma siku nne baada ya kipindi kuisha, hati inayofuata inakuwa ya siku 26. Akiwa hakufungua programu kabisa kwa sababu alikuwa likizoni kwa nyanya yake, hapunguziwi hata moja. Tangu hapo hatujabishana tena juu ya nyongeza.

Katika shule zenye vishikwambi vya pamoja, ambavyo huenda visione mtandao muhula mzima, hati ni ya muhula, na nyongeza ni siku 14. Kanuni ni ile ile.

Jambo lililonishangaza zaidi lilitokea baada ya haya yote kuwekwa sawa. Wanafunzi wachache wa Rhonda walifungiwa tena, na safari hii seva ilikuwa hewani na simu zao zilikuwa na mtandao. Ilinichukua wiki mbili kuelewa. Mitaani kumejaa waifai za kulipia kwa saa au kwa siku. Muda wako ukiisha, simu bado huonyesha kwamba imeunganishwa, lakini mitambo ya waifai inaweza kukujibu badala ya tovuti uliyoiomba, ikikuletea ukurasa wa kununua muda zaidi. Nami, kwa uzembe, nilikuwa nimeiandikia programu iulize seva bila njia iliyofumbwa. Programu iliuliza, "Amelipa?" Ikajibiwa na ukurasa wa waifai, ambao bila shaka haukuwa na neno "amelipa" ndani yake. Programu ikahitimisha kwamba hakulipa, ikaitupa hati nzuri iliyokuwa nayo. Nimejifunza kwamba "hapana" nayo lazima iwe na saini. Kufumba njia ni sharti, lakini peke yake hakutoshi: programu yangu leo haifuti hati yoyote ila iletewe tangazo la kuibatilisha, lililotiwa saini na seva, lenye kutaja hati hiyo kwa nambari yake. Jibu lolote lingine, liwe ukurasa wa waifai, hitilafu ya seva au maneno yasiyoeleweka, linahesabiwa kuwa kimya.

Faida yake ilionekana Mei 12, 2024, wakati nyaya za EASSy na Seacom zipitazo chini ya Bahari Hindi zilipopata hitilafu na mtandao ukadorora nchini Kenya na katika nchi jirani. Seva yangu iko Ulaya. Kwa saa nyingi simu chache tu ziliifikia. Hakuna mwanafunzi aliyefungiwa. Hata hivyo, mtandao uliporejea, simu zote zilizokuwa zikingoja ziliuliza kwa pamoja, na seva yangu ndogo ikalemewa hadi ikazimika. Siku hizi kila simu huchagua kwa bahati nasibu muda wake wa kuuliza ndani ya saa sita, na ikikosa jibu huongeza maradufu muda wa kungoja.

Mita ya umeme, hata hivyo, ina nafuu moja ambayo mimi sina. Mita huhesabu vipimo vilivyotumika, na vipimo havitegemei kalenda. Hati yangu huhesabu siku, na kwa hivyo hutegemea saa ya simu, ambayo iko mikononi mwa mwanafunzi. Anayetaka kuongeza maisha ya hati atarudisha tarehe nyuma. Dawa yake ni rahisi: programu hukumbuka tarehe ya mbele kabisa iliyowahi kuiona, na saa ikirudi nyuma ya hapo, yenyewe hushikilia ile ya mbele. Lakini tusimhukumu kila mwenye saa mbovu. Vishikwambi vya bei nafuu vikiisha chaji kabisa huweza kuamka vikidhani ni mwaka wa zamani. Namna ya kumtambua ni kwamba tarehe hiyo hutangulia siku ambayo programu yenyewe ilitolewa, jambo lisilowezekana.

Kusonga mbele ndiko kunakotisha. Mtoto mmoja alipeleka tarehe hadi mwaka 2032 ili apate zawadi katika mchezo fulani, kisha akaisahau. Programu yangu iliona mwaka 2032, ikaukumbuka, ikaifunga hati, na hata aliporudisha tarehe sahihi ilikataa kumwamini. Sasa programu hulinganisha kalenda na kipimo kingine cha simu, kinachohesabu muda uliopita tangu simu iwashwe na ambacho mtumiaji hawezi kukibadili. Kalenda ikiruka miaka minane huku kipimo hicho kikionyesha saa mbili tu, mwongo ni kalenda. Simu ikiwa imezimwa na kuwashwa katikati, siwezi kujua. Hapo huonyesha ujumbe wa kuomba tarehe irekebishwe, na huacha masomo wazi mpaka seva ipatikane iseme tarehe ya kweli. Nimefikiria kuuza saa za kusoma badala ya siku, jinsi umeme unavyouzwa kwa vipimo, nikaachana nalo. Sitaki mtoto asome huku akitazama mita.

Limebaki pengo moja kubwa, nalo linahusu malipo mapya. Mzazi anaweza kulipa kwa M-Pesa kupitia menyu ya laini ya simu bila bando lolote. Pesa zinafika, seva yangu inaarifiwa, lakini simu ya mtoto haina data ya kuipokea hati. Amelipa, na programu haijui. Hapa nimeiga mita moja kwa moja: seva hutuma ujumbe mfupi wenye tarakimu chache, mtoto anazibonyeza, na kipindi kinafunguka. Saini ya kawaida ni ndefu mno kubonyezwa, hivyo tarakimu hizo hutengenezwa kwa ufunguo wa siri ambao kila simu ilipewa wake siku ya kwanza ilipojisajili. Kwa mita jambo hilo ni salama zaidi kwa kuwa sanduku limefungwa; simu inaweza kupekuliwa na fundi. Lakini atakayeiba ufunguo wa simu moja atakuwa amefungua simu hiyo moja tu.

Mita ilinifunza jambo la mwisho Novemba 24, 2024. Zile dakika zilizofichwa ndani ya tokeni zilikuwa zikihesabiwa tangu Januari 1, 1993, na nafasi yake inatosha dakika 16,777,216 tu, ambazo ziliisha siku hiyo. Mita zote duniani zilizohesabu tangu tarehe hiyo zilihitaji ufunguo mpya kabla ya hapo, la sivyo zisingeipokea tokeni yoyote. Ndiyo maana Kenya Power iliwatumia wateja mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ya kubadili ufunguo, la tatu la umeme wenyewe. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kwamba programu yangu ilibeba ufunguo mmoja tu wa kukagua saini. Siku ningelazimika kuubadili, kila simu iliyo nje ya mtandao ingezikataa hati mpya. Toleo la sasa lina funguo mbili: unaotumika na wa akiba, ambao sijawahi kuutumia.

Mwalimu anayetaka kujua programu anayouziwa imeandikwa vipi hahitaji kunisoma mimi. Alipe kwa kifaa kimoja, afungue somo, azime mtandao, akizime kifaa na kukiwasha, kisha afungue tena. Asogeze tarehe mbele kwa siku kumi, ilhali malipo ni ya siku 30, na kutazama. Aiunganishe na waifai iliyoisha muda. Somo likifungwa katika mojawapo ya majaribio hayo, amuulize muuzaji sababu kabla ya kununua vifaa arobaini.

Mwanafunzi mwenye ujuzi wa kutosha bado anaweza kuichambua programu yangu na kuiondolea ukaguzi wote. Najua wawili waliofaulu, na mmoja wao aliniandikia kunieleza jinsi alivyofanya. Sijaziba tundu hilo. Kuliziba kungehitaji kuuliza seva kila mara, na yule binti wa Rhonda ana bando siku chache tu katika wiki.